Parabola Iaminiwe Hadi Wapi?

Nyumba moja imejengwa kilomita 1 kando ya barabara iliyonyooka. Mtu aliye barabarani anataka kusimama mahali ambapo umbali wa moja kwa moja hadi kwenye nyumba hiyo ni mfupi kuliko pengine pote. Jibu liko wazi: ni pale barabara inapopita mkabala na nyumba. Tupaite hapo sifuri, na x iwe idadi ya kilomita kutoka hapo, chanya upande mmoja na hasi upande wa pili. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali hadi kwenye nyumba ni f(x) = √(1 + x²). Penye x = 0 umbali ni kilomita 1, na hakuna mahali barabarani palipo karibu zaidi ya hapo.

Kompyuta haioni barabara wala nyumba. Ikiwa imesimama kwenye x = 2, inachoweza kukokotoa ni mambo matatu ya hapo hapo ilipo. La kwanza ni umbali wenyewe, kilomita 2.236. La pili ni mteremko, yaani umbali huo unabadilika kwa kasi gani ukisogea kidogo, ambao ni 0.894. La tatu ni mpindo, yaani mteremko nao unabadilika kwa kasi gani, ambao ni 0.0894. Kwa mambo hayo matatu kompyuta inachora parabola inayogusana na mchoro halisi penye x = 2, ikiwa na mteremko uleule na mpindo uleule, kisha inaruka moja kwa moja hadi kwenye kitako cha parabola hiyo. Hiyo ndiyo mbinu ya Newton, na programu nyingi kubwa za kutafuta thamani ndogo kabisa zimejengwa juu yake kwa namna moja au nyingine.

Kitako cha parabola kinapatikana kwa kugawanya mteremko kwa mpindo. Hapa jibu ni 10, kwa hiyo kompyuta inarudi nyuma kilomita 10 na kujikuta kwenye x = -8, mbali zaidi na nyumba kuliko ilivyokuwa. Inachora parabola nyingine pale na kuruka tena: safari hii inatua kwenye 512. Ruko linalofuata linaipeleka kwenye hasi milioni 134. Katika mfano huu kila namba mpya ni ile ya zamani ikipewa kipeo cha tatu na kugeuzwa alama. Ukianzia ndani ya kilomita 1 kutoka sifuri unafika kwa kasi ya ajabu, na ukianzia nje ya hapo unapotea kwa kasi ileile.

Hesabu haikukosewa popote. Kosa ni kuiamini parabola mahali ambapo haistahili kuaminiwa. Ukiiuliza parabola ya kwanza umbali utakuwa kiasi gani kwenye kitako chake, inajibu hasi 2.236. Umbali hauwezi kuwa hasi, na tunajua kwamba hapa hauwezi hata kushuka chini ya 1. Karibu na x = 2 parabola ilikuwa inasema kweli. Kilomita 10 kutoka hapo ilikuwa inatoa ahadi isiyowezekana, na kompyuta ikaifuata bila kuihoji.

Dawa ni kuweka mpaka. Kabla ya kuchukua hatua, tunasema: parabola hii tunaiamini ndani ya umbali fulani tu kutoka tulipo, na hatua yetu itakuwa ile iliyo bora kabisa kwa mujibu wa parabola, ila isivuke umbali huo. Sehemu iliyo ndani ya mpaka ndiyo eneo la kuaminika, na umbali kutoka katikati hadi mpakani ni nusu kipenyo chake. Kama kitako cha parabola kimo ndani ya eneo, tunakwenda hadi kwenye kitako. Kama kiko nje, tunakwenda hadi mpakani na kuishia hapo.

Wazo la kuifunga hatua lina umri mkubwa. Kenneth Levenberg alilichapisha mwaka 1944 akiwa Frankford Arsenal, kiwanda cha silaha cha jeshi la Marekani mjini Philadelphia, na Donald Marquardt wa kampuni ya DuPont akalifikia kwa njia yake mwaka 1963. Wote wawili walikuwa wanalinganisha michoro na vipimo, na wote waliipunguza hatua kwa kuongeza namba kwenye mpindo. Mpindo ukiwa mkubwa zaidi, kitako kinasogea karibu. Mwaka 1966 Stephen Goldfeld, Richard Quandt na Hale Trotter wa Princeton waliandika kuhusu namna ya kuibadilisha namba hiyo kwa kulinganisha mabadiliko yaliyotabiriwa na yaliyotokea. Kwa maoni yangu hapo ndipo mbinu hii ilipopata moyo wake, kwa sababu mpaka peke yake hausaidii sana. Mpaka mdogo mno unakufanya utambae siku nzima, na mpaka mkubwa mno unakurudisha kwenye maruko ya Newton. Swali gumu ni nani atasema mpaka uwe wapi, na jibu lao ni kwamba hatua zenyewe zitasema.

Kila hatua ina ahadi na ina matokeo. Ahadi ni kiasi ambacho parabola imesema thamani itapungua. Matokeo ni kiasi kilichopungua kweli tulipofika na kupima. Tunagawanya matokeo kwa ahadi na kupata uwiano, ambao vitabu vinauandika kwa herufi ya Kigiriki:

ρ = (f(x) − f(x + s)) / (m(0) − m(s))

Hapo s ni hatua, f ni thamani halisi, na m ni parabola yetu. Uwiano ukiwa karibu na 1, parabola imesema kweli. Ukiwa karibu na sifuri, tumeahidiwa mengi tukapata kidogo. Ukiwa hasi, tuliahidiwa kupungua na badala yake thamani imepanda.

Kanuni inayotumika sana inakwenda hivi. Uwiano ukiwa chini ya robo, nusu kipenyo kinapunguzwa hadi robo yake. Ukiwa juu ya robo tatu, na hatua ikiwa imefika mpakani, nusu kipenyo kinazidishwa mara mbili. Ukiwa kati ya hapo, kinabaki kama kilivyo. Hatua yenyewe inakubaliwa mradi thamani imepungua kwa kiasi cha maana, na isipopungua tunabaki tulipokuwa na kujaribu tena kwa mpaka mdogo zaidi. Namba hizi za robo na robo tatu si sheria ya maumbile. Programu nyingine hutumia sehemu ya kumi na sehemu tisa za kumi, na kazi bado inakwenda.

Sharti moja kati ya hayo huwasumbua wanaoanza: kwa nini mpaka usipanuliwe kila mara uwiano unapokuwa mzuri, mpaka hatua iwe imefika mpakani? Mfikirie mwenye duka anayekopesha. Mteja aliyeruhusiwa kukopa hadi shilingi elfu hamsini akakopa zote na kulipa kwa wakati amemwonyesha kwamba anaweza kupandishwa. Aliyekopa elfu mbili na kulipa ni mlipaji mzuri, lakini kuhusu kiwango cha elfu hamsini hajathibitisha chochote. Hatua iliyoishia ndani ya eneo iko katika hali hiyo: mpaka haukuizuia, kwa hiyo mafanikio yake si ushahidi kwamba mpaka ni mdogo.

Sasa turudi barabarani tuone kanuni ikifanya kazi. Tuko kwenye x = 2 na tumeanza na nusu kipenyo cha 1. Parabola inataka kwenda kilomita 10, mpaka unaruhusu 1, kwa hiyo tunakwenda hadi x = 1. Parabola iliahidi kwamba umbali utapungua kwa 0.850. Tukipima tunakuta umekuwa 1.414, yaani umepungua kwa 0.822. Uwiano ni 0.97. Hatua imekubaliwa, tena ilifika mpakani, basi nusu kipenyo kinapanda hadi 2.

Kwenye x = 1 tunachora parabola mpya. Kitako chake kiko kilomita 2 nyuma, sawasawa na mpaka mpya, kwa hiyo hatua inatupeleka kwenye x = -1. Ahadi ilikuwa kupungua kwa 0.707. Lakini -1 na 1 ziko umbali uleule kutoka kwenye nyumba, kila moja upande wake, na hakuna kilichopungua hata kidogo. Uwiano ni sifuri. Tunaikataa hatua, tunabaki kwenye x = 1, na nusu kipenyo kinashuka kutoka 2 hadi 0.5. Upanuzi wa hatua iliyopita ulizidi, na ushahidi umepatikana kwa gharama ya kipimo kimoja tu.

Parabola haina haja ya kuchorwa upya, kwa sababu hatujaondoka mahali petu. Tunachukua hatua ya 0.5 na kufika kwenye x = 0.5. Ahadi ilikuwa 0.309 na matokeo ni 0.296, uwiano 0.96, basi tunakubali na kupanua hadi 1. Kutoka 0.5 parabola mpya inataka hatua ya 0.625, ambayo sasa imo ndani ya eneo. Tunatua kwenye -0.125. Ahadi ilikuwa 0.140, matokeo 0.110, uwiano 0.79. Ni uwiano mzuri, lakini mpaka haukuguswa, kwa hiyo nusu kipenyo kinabaki 1.

Kuanzia hapo mpaka hausikiki tena. Hatua inayofuata inatupeleka kwenye 0.00195, na inayofuata kwenye namba isiyofika hata sehemu moja ya milioni mia. Mbinu imejiondoa njiani yenyewe na kuiachia mbinu ya Newton ikimbie, kwa kuwa hapa karibu na lengo parabola inasema kweli. Hakuna aliyekuwa ameiambia kompyuta kwamba hatari iko nje ya kilomita 1. Uwiano ndio uliogundua.

Kuna jambo moja dogo la utekelezaji ambalo halionekani katika mfano huu lakini hula muda wa watu. Tuseme tungekuwa kwenye x = 1 tukiwa na nusu kipenyo cha 100. Hatua ya 2 inakataliwa, nusu kipenyo kinapunguzwa hadi 25. Parabola ni ileile, kitako ni kilekile, na mpaka bado uko mbali, basi hatua inayotoka ni ileile ya 2, na inakataliwa tena. Kisha 6.25, na mambo ni yaleyale. Hadi mpaka ufike 1.56 ndipo kitu kinabadilika. Ndiyo maana waandishi wengi wa programu, hatua inapokataliwa, huhesabu robo ya urefu wa hatua yenyewe badala ya robo ya nusu kipenyo. Kwa namna hiyo tungeshuka mara moja hadi 0.5.

Barabara yetu ina upande wa mbele na wa nyuma tu. Matatizo halisi yana vigezo viwili, ishirini, wakati mwingine mamilioni, na hapo mpaka hufanya kazi ya pili ambayo kwenye barabara haionekani: hugeuza mwelekeo. Mbinu nyingine za kupunguza huchagua mwelekeo kwanza, kisha hutafuta urefu wa kwenda katika mwelekeo huo. Mbinu ya eneo la kuaminika huchagua urefu kwanza, kisha huuliza ni upande gani ulio bora kwa urefu huo. Eneo likiwa pana, jibu ni kuelekea kwenye kitako cha bakuli ambalo parabola imekuwa. Eneo likifinywa sana, jibu linageuka taratibu hadi kuwa upande ule ambao thamani inashuka kwa kasi kuliko pande zote, ambao huenda ukapishana sana na upande wa kitako.

Kulipata jibu hilo kwa usahihi kamili kunahitaji hesabu nzito. Michael Powell, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa atomiki cha Harwell, alipendekeza mwaka 1970 njia ya mkato ambayo bado inafundishwa. Chora mstari kutoka ulipo kufuata mshuko mkali zaidi, uishie pale ambapo bakuli linaacha kushuka katika mwelekeo huo. Kutoka hapo kunja kona na uchore mstari wa pili hadi kwenye kitako cha bakuli. Sasa fuata njia hiyo yenye kona moja hadi itakapogusa mpaka, au hadi kitakoni kama mpaka uko mbali zaidi ya hapo. Si jibu bora kabisa, lakini liko karibu nalo, na hesabu yake ni nyepesi sana. Ninaipenda njia hii kwa sababu mtoto wa sekondari anaweza kuichora kwa rula.

Mpaka unaokoa pia hali ambayo mbinu ya Newton haina la kusema. Wakati mwingine mpindo unakuwa hasi: bakuli limepinduliwa na halina kitako, na kile ambacho hesabu ya Newton inakiita kitako ni kilele. Ndani ya eneo lenye mpaka, sehemu ya chini kabisa ipo siku zote, hata kwenye bakuli lililopinduliwa. Iko mpakani, na hatua inakwenda huko.

Uangalifu unahitajika pale vigezo vinapokuwa na vipimo visivyolingana. Kigezo kimoja kikiwa shilingi kwa mamilioni na kingine kikiwa asilimia, mpaka wa duara hauna maana, kwani hatua ya 0.5 ni kubwa mno kwa asilimia na si kitu kwa shilingi. Programu nzuri huuvuta mpaka uwe na umbo la yai, refu upande wa kigezo kikubwa. Isipofanya hivyo utaona nusu kipenyo kimebaki kidogo na kigezo kikubwa hakisogei.

Mtu anayetumia mbinu hii kwenye kompyuta ningemshauri aichapishe ρ kwenye skrini kwa kila hatua, pamoja na nusu kipenyo. Namba hizo mbili hufichua makosa ambayo matokeo ya mwisho huyaficha. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuandika mteremko vibaya kwenye programu. Tuseme kwenye x = 2 mtu amekosea alama na kuandika hasi 0.894. Kompyuta inadhani mshuko uko upande wa pili. Kwa nusu kipenyo cha 1 inakwenda hadi 3, uwiano unatoka -1.09, na hatua inakataliwa. Kwa 0.25 uwiano ni -1.02. Kwa 0.0625 ni -1.01. Mpaka utafinywa mpaka usionekane na kompyuta haitasogea kamwe.

Mteremko ukiwa sahihi, picha ni tofauti kabisa: kwa nusu kipenyo cha 1 uwiano ulikuwa 0.97, na ungechukua 0.25 ungepata 0.999. Kadiri eneo linavyokuwa dogo ndivyo mchoro halisi unavyofanana na mstari ulionyooka, na parabola yenye mteremko sahihi haina nafasi ya kukosea, basi uwiano lazima uelekee kwenye 1. Ukielekea kwenye -1, alama imegeuzwa. Ukitulia kwenye 0.5, kuna mahali mteremko umezidishwa mara mbili, na kosa hili ni baya zaidi kwa sababu hatua bado zinakubaliwa na programu inaonekana kufanya kazi, ila inajikokota. Ukirukaruka bila mpango hata kwa hatua ndogo, pengine thamani yenyewe ina kelele, kwa mfano inatokana na uigaji wenye bahati nasibu ndani yake, au mchoro una kona kali ambayo hakuna parabola inayoweza kuifuata.

Mwishoni mwa safari kuna mtego mwingine. Tulipofika kwenye ile namba isiyofika sehemu moja ya milioni mia, parabola ilikuwa inaahidi kupungua kwa kiasi cha takriban 0.00000000000000003. Kompyuta huhifadhi namba kwa takriban tarakimu 16, na √(1 + x²) kwa x ndogo namna hiyo inaandikwa 1 kamili. Hatua nzuri kabisa inachukuliwa, umbali unapimwa, na kompyuta inaona 1 toa 1: hakuna kilichopungua. Uwiano ni sifuri, hatua inakataliwa, nusu kipenyo kinakatwa. Mtu aliyeomba mteremko uwe chini ya 0.0000000001 kabla ya kusimama ataona eneo likifinywa hatua baada ya hatua ilhali jibu liko mkononi. Andrew Conn, Nicholas Gould na Philippe Toint, ambao kitabu chao cha mwaka 2000 kuhusu mbinu hizi kina kurasa zaidi ya 900, wanapendekeza kuongeza kiasi kidogo sana kilekile juu na chini ya mgawanyo wa ρ, kiasi kinacholingana na usahihi wa kompyuta. Ahadi na matokeo vikiwa vikubwa, nyongeza hiyo haionekani. Vyote viwili vikizama chini ya uwezo wa tarakimu 16, uwiano unakuwa karibu na 1, hatua inakubaliwa, na kompyuta inasimama kwa sababu mteremko umetosha kuwa mdogo.